Boriti Ikinuna

Swali lenyewe halizidi mistari mitatu. Boriti ina urefu wa mita 8. Imekaa juu ya egemeo A kwenye mwisho wake wa kushoto na egemeo B lililo mita 6 kutoka hapo. Mita 2 zilizobaki zimechomoza nje hadi C, hazina kitu chini yake. Boriti yote imebebeshwa mzigo uliotandazwa sawasawa, kilonyutoni 10 kwa kila mita, na kwenye ncha ya C kuna mzigo mmoja wa kilonyutoni 20. Tafuta nguvu za maegemeo, kisha chora mchoro wa momenti ya kupinda. Kila mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi hukutana na swali la aina hii mapema, na wengi hulipita kama mtu anavyopita kizuizi cha barabarani: leseni mkononi, macho mbele. Mimi huwa nalirudia kwa raha, kwa sababu boriti hii ndiyo roshani ya nyumba yako.

Kazi huanza kwa kuitoa boriti mahali pake. Unaichora peke yake, bila nguzo wala ukuta, na kila kitu ulichokiondoa unakilipa kwa mshale. Egemeo la pini linalipwa kwa mishale miwili, wa wima na wa mlalo. Egemeo la rola linalipwa kwa mmoja wa wima tu, maana rola haizuii kitu kuteleza. Hapa hakuna mzigo wa mlalo, hivyo mshale wa mlalo unakuwa sifuri na tunabaki na visivyojulikana viwili. Mchoro huu hauna hesabu hata moja, na ndio unaoamua kama hesabu zitakazofuata zina maana.

Sasa simama A na upime kila nguvu inavyotaka kuizungusha boriti kuizunguka nukta hiyo. Mzigo uliotandazwa una jumla ya kilonyutoni 80, na kitovu chake kiko mita 4 kutoka A, hivyo momenti yake ni 320. Mzigo wa ncha uko mita 8, momenti yake ni 160. Jumla ni 480, na ni B peke yake anayeipinga akiwa mita 6. Basi B anabeba kilonyutoni 80. Mizigo yote ni 100, kwa hiyo A anabaki na 20. Kuchagua A kama nukta ya kuzungukia si bahati: nguvu isiyojulikana ya A inapita hapo hapo, haina umbali, inajiondoa kwenye hesabu.

Tazama majibu hayo kabla ya kuendelea. B amebeba mara nne ya A. Kama boriti ingeishia B, bila kuchomoza, kila egemeo lingebeba 30. Mita 2 za nje zimeongeza mzigo wa B kutoka 30 hadi 80, na wakati huohuo zimempunguzia A kutoka 30 hadi 20, kwa kuwa kinachokandamiza nje ya B humnyanyua A. Ongeza mzigo wa ncha hadi kilonyutoni 80 na A hatabeba chochote. Ukizidisha hapo, boriti itanyanyuka kutoka kwenye egemeo lake. Anayejenga roshani ndefu mbele ya chumba kifupi anapaswa kujiuliza ni nini kinachoushikilia mwisho wa nyuma.

Kwa mchoro wa momenti, njia ninayoipenda ni kupitia nguvu ya mkato. Anzia A: nguvu ni 20 kwenda juu, kisha kila mita inapotea 10. Baada ya mita 2 imekwisha. Hapo nguvu ya mkato ni sifuri, na momenti iko kileleni. Ukubwa wake ni eneo la pembetatu uliyokwisha kuichora, nusu ya 2 mara 20, yaani kilonyutoni-mita 20. Kutoka hapo nguvu ya mkato inashuka hadi hasi 40 ukingoni mwa B, na pembetatu ya pili, yenye kitako cha mita 4, ina eneo la 80. Toa 80 kwenye 20: momenti juu ya B ni hasi 60.

Hiyo hasi ndiyo moyo wa kazi yote. Katikati ya A na B boriti inatabasamu: tumbo lake limeshuka, nyuzi za chini zinavutwa na za juu zinabanwa. Juu ya B boriti imenuna: mgongo umepanda, na sasa ni nyuzi za juu zinazovutwa. Mpaka kati ya tabasamu na kununa ni pale momenti inapokuwa sifuri. Umbali ukiuita x kutoka A, momenti ni 20x toa 5x², nayo inakuwa sifuri x ikifika mita 4. Yaani theluthi nzima ya nafasi kati ya maegemeo mawili tayari imenuna, ingawa mtu anayeitazama boriti kwa macho angeapa kwamba nafasi hiyo yote inabonyea chini.

Kisha unahakiki. Simama C, tembea kurudi B kwa upande wa kulia, kana kwamba hujawahi kufika A. Mzigo wa ncha, 20 mara mita 2, ni 40. Mzigo uliotandazwa kwenye kipande hicho ni 20, kitovu chake mita 1, ni 20 nyingine. Jumla 60, boriti ikinuna. Njia mbili zisizojuana zimekutana kwenye namba moja. Sijui raha nyingine ya bei rahisi kiasi hicho kwenye fani hii.

Lakini uhakiki nao una hila yake, na hapa ndipo ninapomtambua mwanafunzi aliyeelewa. Wengi, wakishaugeuza mzigo uliotandazwa kuwa nguvu moja ya kilonyutoni 80 pale mita 4, huisahau hapo na kuendelea kuchora nayo. Nguvu za maegemeo zinatoka sahihi. Mchoro unaanza sifuri, unaishia sifuri, unafunga vizuri kabisa. Ila unasema kwamba kwenye mita 4 momenti ni 80, mahali ambapo kwa kweli ni sifuri, na juu ya B unasema hasi 40 badala ya hasi 60. Karatasi ni safi, boriti ni nyingine. Dalili ya kosa hili inaonekana hata kabla ya kusoma namba: mchoro una mistari iliyonyooka. Chini ya mzigo uliotandazwa, mstari wa momenti lazima ujipinde. Ukiona umenyooka kama rula, mzigo umepotea njiani.

Kuna vitabu vinavyochora momenti chanya juu ya mstari na hasi chini, na kuna vinavyochora upande ule unaovutwa. Wahadhiri hugombana kuhusu jambo hili kuliko linavyostahili, ila nami nina upande wangu: chora upande unaovutwa. Tabasamu la 20 litashuka chini ya mstari, kununa kwa 60 kutapanda juu yake, na fundi atakayekipokea kikaratasi chako hatahitaji kujua chanya wala hasi. Zege hustahimili kubanwa na hushindwa haraka likivutwa. Nondo ndizo zinazovutwa kwa niaba yake. Pale mchoro ulipo, nondo ziende hapo.

Galileo, katika kitabu chake kuhusu sayansi mbili mpya kilichochapishwa Leiden mwaka 1638, anasimulia kisa cha nguzo kubwa ya marumaru iliyolazwa juu ya magogo mawili. Fundi mmoja, kwa kuhofia isije ikavunjika katikati, akaongeza gogo la tatu. Baada ya miezi kadhaa nguzo ikapasuka juu ya gogo hilohilo la hisani: moja la magogo ya mwishoni lilikuwa limeoza na kushuka, na nusu ya nguzo ikabaki ikining'inia hewani. Galileo hakutoa vipimo, lakini unaweza kujaribu vyako. Nguzo ya mita 10 yenye uzito wa kilonyutoni 10 kwa mita, magogo yakiwa mita 1 kutoka kila mwisho, ina momenti ya 75 katikati, ikitabasamu. Ikibaki imekalia gogo la kati huku mwisho mmoja ukiwa hauna kitu chini, momenti hapohapo ni 125, ikinuna. Gogo la tatu pia linaharibu hesabu yetu rahisi: visivyojulikana vinakuwa vitatu, milinganyo ya wima na mzunguko ni miwili, na jibu linaanza kutegemea ugumu wa boriti na kushuka kwa maegemeo. Swali la mwaka wa kwanza linaishia hapo.

Lina mpaka mwingine. Mizigo hairundikani kwa utiifu kama kwenye karatasi. Watu wakijaa chumbani na roshani ikiwa tupu, tabasamu la kati linakua. Tukiufuta kabisa mzigo wa nje, linafika 45 badala ya 20. Uzito wa zege lenyewe haufutiki, hivyo ukweli uko kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mhandisi hachori mara moja. Anachora kwa kila hali mbaya, kisha anachukua ubaya wa kila mahali. Mwanafunzi aliyepata 20 na kupanga nondo chache za chini amejibu swali vizuri na kujenga vibaya.

Kwenye eneo la ujenzi, kosa ninaloliona zaidi halitoki kwenye hesabu. Nondo nene zinalazwa chini kwa urefu wote kwa sababu macho yanaona boriti ikibonyea, na juu ya B zinawekwa mbili nyembamba za kushikilia ringi tu. Au nondo za juu zipo, lakini zimekatwa hatua moja baada ya nguzo, ilhali mchoro unaonyesha kununa kunaendelea mita 2 kuelekea A, na nondo inatakiwa kuvuka hapo ndipo ipate mahali pa kujishikiza. Ufa wake unajulikana: unaanzia juu, sakafuni, sambamba na ukuta wa nyumba, na mwenye nyumba huuziba kwa vigae. Kwenye roshani ya slabu ni hatari zaidi. Nondo za juu zilizopangwa milimita 120 kutoka uso wa chini, zikikanyagwa na wabeba zege zikashuka hadi 80, theluthi ya mkono wao wa kupinga imekwenda.

Kwa hiyo, kama unajenga roshani mwaka huu, nenda mwenyewe asubuhi ya kumwaga zege. Biskuti za chini waachie mafundi, hizo huwa hawazisahau. Panda juu ukaangalie nondo za juu kwenye mstari wa nguzo: kama zipo, kama zinaingia ndani ya nyumba vya kutosha, na kama kuna vipande vya nondo vilivyokunjwa kuzishikilia zisikanyagwe. Kama hazipo, simamisha kazi, hata kama zege limeshaanza kuchanganywa.