Tahajia Tatu Katika Waraka Mmoja

Nilipewa nihakiki orodha ya maneno ya Kiswahili na Kireno yenye kurasa 4, aliyoiandaa mwenzetu wa Koboko kwa ajili ya wanafunzi wageni kutoka Msumbiji. Kiswahili chake hakina dosari. Tatizo liko katika Kireno. Ukurasa wa kwanza una neno "acção", yaani kitendo. Ukurasa wa pili neno hilohilo limeandikwa "ação". Ukurasa wa tatu una "receção", yaani mapokezi, na wa nne una "recepção".

Mwandishi alijitetea kwamba kila neno amelitoa kwenye kamusi. Ni kweli, ila kamusi zenyewe ni za nchi mbalimbali. Mwaka 1990 nchi zinazotumia Kireno zilitia saini mkataba wa kuunganisha tahajia, ambao unafuta konsonanti isiyotamkwa. Brazili huitamka "p" ya "recepção", kwa hiyo imebaki nayo. Ureno haiitamki, ikaandika "receção". Msumbiji ilitia saini lakini haijauridhia mkataba huo, na tahajia yake rasmi ni ile ya zamani.

Kwa hiyo maneno mawili yanatosha kuutambua waraka. "Acção" pamoja na "recepção" ni Msumbiji. "Ação" pamoja na "receção" ni Ureno ya leo. "Ação" pamoja na "recepção" ni Brazili. Neno moja pekee halitoshi, kwani "recepção" ni ya Msumbiji na ya Brazili pia. Orodha ya mwenzetu ina tahajia zote nne, na hakuna nchi inayoandika hivyo.

Nami nina kosa langu. Niliona ameandika "fato" kwa maana ya jambo la hakika, kama Wabrazili, ilhali Msumbiji huandika "facto". Nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila "fato" kuwa "facto", tukachapa nakala 20 hapa Arua. Baadaye nikasoma katika sehemu ya mavazi: "um facto azul". Mwandishi alikusudia suti ya buluu, ambayo Msumbiji na Ureno huitwa "fato". Mimi nilikuwa nimewaandikia wageni "jambo la hakika la buluu". Nakala zote zilirudi mezani zikasahihishwa kwa kalamu.

Ushauri wangu kwa mwandishi ni huu: kwa kuwa wasomaji wake ni wa Msumbiji, achague tahajia ya Msumbiji na aitaje juu ya ukurasa wa kwanza. Kisha atafute kila neno lenye utata, alibadilishe moja moja huku akisoma sentensi nzima. Majina ya watu asiyaguse: anayejiandika "Antônio" abaki hivyo, hata kama waraka wote unaandika "António".