Dedekind alifukuza wageni, lakini alilipa bei gani?

Ndugu zangu wa lisansi, ile rekiransi tulifanya sekondari (unahakikisha jambo kwa 1, kisha unaonyesha kwamba likipita kwa n linapita pia kwa n+1), Mjerumani Richard Dedekind aliiwekea msingi katika kijitabu chake cha mwaka 1888 juu ya namba. Ni kijitabu kizuri, mimi nakipenda. Lakini kuna neno moja ndani yake ambalo watu wanalipita mbio. Neno lenyewe ni "kila".

Tuanze na shida aliyokuwa nayo. Chukua barabara ya kutoka Uvira kushuka Baraka, tuseme haiishi, na uipange mawe ya kilometa. Kila jiwe lina jiwe moja linalolifuata, hakuna mawe mawili yanayofuatwa na lilelile, na jiwe la 1 halifuati lolote. Unaweza kufikiri kwamba umeshaeleza namba zote. Bado. Ongeza barabara nyingine kule ng'ambo ya ziwa, ambayo mawe yake hayana mwanzo wala mwisho. Sheria zako zote tatu bado zinatimia, na sasa una wageni ambao hakuna aliyewaita.

Dedekind aliwaona. Februari 1890 alimwandikia Keferstein, mwalimu wa Hamburg aliyekuwa amekikosoa kijitabu, akamweleza hasa shida hii ya wageni. Mtu atasema: si useme tu kwamba namba ni jiwe unalofikia kutoka 1 kwa hatua zenye mwisho? Hapana, juu "hatua zenye mwisho" tayari ni kuhesabu, na kuhesabu ndicho kitu tunatafuta kueleza.

Jibu lake ni hili: namba ni kile kilicho ndani ya *kila* kundi lenye 1 na ambalo, likiwa na jiwe, lina pia jiwe linalolifuata. Mawe ya upande wa Uvira peke yao ni kundi la namna hiyo, kwa hiyo ya ng'ambo yanatoka. Kwa alama za leo tunaandika:

```
∀P ( P(1) ∧ ∀x (P(x) → P(x+1)) → ∀x P(x) )
```

Ukileta barabara mbili zinazotii sheria hii na zile tatu, funga 1 ya hapa na 1 ya kule, kisha linalofuata na linalofuata. Hakuna jiwe litakalobaki bila mwenzake. Barabara ni moja tu, majina ndiyo yanabadilika.

Angalia ile ∀P. Haizunguki juu ya mawe, inazunguka juu ya makundi yote ya mawe. Hiyo ndiyo lojiki ya daraja la pili. Daraja la kwanza linakubali ∀x tu, kwa hiyo rekiransi inaandikwa upya kwa kila sifa yenye fomula, na kundi lisilo na fomula linabaki nje. Mwaka 1934 Skolem, mtu wa Norvege, alionyesha kwamba humo wageni wanarudi, hata ukiweka kama aksioma sentensi zote za kweli za hesabu.

Njia fupi ya kuona: ongeza jina jipya c, na orodha "c si 1, c si 2, c si 3…" bila mwisho. Kipande chochote chenye mwisho kinawezekana: kama kinafika 500, c iwe 501. Na katika daraja la kwanza, kama Gödel alivyoonyesha mwaka 1930, vipande vyote vikiwezekana orodha nzima inawezekana. Basi c ipo mahali, na ni mgeni.

Sasa bei. Peleka orodha hiyohiyo kwa daraja la pili. Kila kipande bado kinawezekana, lakini orodha nzima haiwezekani, juu Dedekind ameshafukuza c. Uthibitisho ni maandishi yenye mwisho, unatumia sentensi chache tu za orodha. Kama kungekuwa na kanuni za kuthibitisha yote yanayofuata kutoka kwa aksioma, zingetoa mgongano kutoka kipande kimoja chenye mwisho. Lakini vipande havina mgongano! Kwa hiyo kanuni hizo hazipo, wala hazitapatikana. Lugha inashika namba zenyewe, halafu inakukatalia mashine ya kuthibitisha yote inayosema juu yake.

Mwaka 1950 Henkin alitoa njia ya kati: ∀P izunguke juu ya baadhi ya makundi, si yote. Kanuni kamili za uthibitisho zinarudi. Wageni nao wanarudi mlango uleule.

Kwa hiyo sikubali wanaosema Dedekind amemaliza kazi. Anakataa kutumia "hatua zenye mwisho" juu ni kuzunguka, na hapo ana haki. Lakini "kila kundi" analichukua kama kitu kinachojulikana tayari, na makundi ya namba ni mengi kuliko namba zenyewe. Quine alilalamika kwamba daraja la pili ni nadharia ya makundi iliyovaa nguo za lojiki. Mimi ningemlaumu Dedekind kidogo tu: deni la namba amelilipa kweli, ila kwa pesa aliyokopa kwa jirani tajiri zaidi.