Meza ya Watu Kumi na Watano

Katika mji wa Guilford, jimbo la Connecticut, Marekani, wanawake walikuwa wakialikana kwenye kikundi walichokiita meza, na kila ngazi yake ilikuwa na jina la chakula. Wanane wa chini waliitwa kianzio, wanne wa juu yao supu na saladi, wawili mlo mkuu, na aliyekaa kileleni peke yake kitindamlo. Kila kianzio alimpa kitindamlo dola 5,000, naye akaondoka na 40,000. Mwaka 2013 wanawake wawili waliokuwa vinara wa meza hizo walitiwa hatiani kwa ulaghai na makosa ya kodi. Tukiusoma mpango huo kama tungo, tutaona ulivyowanasa watu wenye akili zao.

Tuanze na sitiari ya chakula. Mgeni aliyekwisha kunywa supu haulizi kama kuna kitakachofuata, kwa kuwa mpangilio wa karamu umeshamwambia. Mtunzi wa meza aliazima uhakika huo akaupachika mahali usipokuwepo, mwanachama akaona kwamba kazi yake ni kusubiri tu. Neno la pili lililofanya kazi kubwa ni zawadi. Anayekopesha ana deni la kudai, anayeweka akiba ana salio, lakini aliyetoa zawadi hana madai. Wanachama waliambiwa kwamba zawadi hizo ni halali na hazitozwi kodi. Neno hilohilo lililowatuliza ndilo lililowafanya waonekane hawana cha kudai siku mambo yalipoharibika.

Sitiari hubadilishwa, umbo likabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani walicheza mchezo wa ndege wenye abiria wanane, wahudumu wanne, marubani wasaidizi wawili na rubani mmoja. Mwaka 2001 wanawake wa Uingereza walitoa pauni 3,000 wakiahidiwa 24,000, wakijiandika ndani ya michoro ya mioyo. Ndege, moyo au karamu, hesabu ni moja: mmoja, wawili, wanne, wanane, na malipo ni mara nane ya kiingilio.

Hesabu hiyo tuifuate hatua kwa hatua. Kitindamlo akishalipwa, meza hupasuka na kuwa mbili, kila moja ikitaka vianzio wanane wapya. Ili wanane wa kwanza wafike kileleni wote na kulipwa, lazima waje watu 16, kisha 32, kisha 64, jumla 112. Hao 112 nao watawasubiri wengine. Na kwa kuwa kila malipo hutokana na viingilio vinane, mpango ukisimama siku yoyote ile, waliolipwa hawazidi mmoja kati ya kila wanane waliotoa fedha. Kwa hiyo ushuhuda wa jirani aliyepokea unaweza kuwa wa kweli kabisa na usithibitishe chochote. Umbo lenyewe linamhitaji mtu wa kutoa ushuhuda.

Sasa tuweke kando yake mchezo wa kina mama wa mtaani. Wanawake kumi wanatoa shilingi 50,000 kila wiki, na kila wiki mmoja anapokea 500,000. Kijumbe ana orodha ya majina yote na zamu zote. Wiki ya kumi duru inafungwa, kila mmoja akiwa ametoa na kupokea kiasi kilekile. Faida hakuna, kilichopatikana ni fedha nyingi kwa mkupuo na nidhamu ya kuchanga. Mchezo nao unaweza kuharibika: kijumbe akatoroka, au aliyepokea mapema akaacha kuchanga. Lakini huo ni ukosefu wa uaminifu wa mtu. Meza huanguka hata kama kila aliyeketi ni mwaminifu.

Tofauti hiyo hujitokeza mapema kwa anayeuliza swali moja: zamu yangu ni lini? Katika mchezo jibu ni tarehe. Katika meza jibu ni idadi ya watu: ukileta wawili, nafasi zikijaa, kikundi kikigawanyika. Ukiomba orodha ya wanachama wote, unaonyeshwa meza yako tu.

Kikundi kikijiita cha biashara, swali hugeukia bidhaa. Sabuni, dawa au vipodozi vinaweza kuwepo kweli, hata vikiwa vizuri. Tazama nani anavinunua. Kama mteja asiye mwanachama hawezi kukubali kuvinunua kwa bei wanayolipa wanachama, na kamisheni inatokana na kifurushi cha kujiunga cha anayeingia, sabuni imechukua nafasi ya zawadi, na wanane wa chini wako palepale. Hapo hata mwenyekiti anayefahamika mtaa mzima hawezi kukuhakikishia malipo, kwa kuwa watu watakaokulipa yeye mwenyewe hajawapata.