Umbo la Wimbi Linalotoka katika Saketi ya Dayodi na Betri

Saketi ya kukata wimbi ni saketi ndogo inayoacha sehemu fulani ya wimbi la umeme ipite bila kubadilika na kuizuia sehemu iliyobaki isivuke kiwango kilichowekwa. Saketi inayochambuliwa hapa ina chanzo kinachotoa wimbi la sini, yaani volteji inayopanda na kushuka kwa mfuatano laini, lenye kilele cha volti 10 na marudio 50 kwa sekunde. Chanzo hicho kimefuatiwa na kikinzani, ambacho mafundi hukiita rizista, cha omu 1,000. Baada ya kikinzani ndipo ilipo ncha ya kutolea, na kati ya ncha hiyo na waya wa ardhi pameunganishwa tawi lenye dayodi na betri ya volti 3. Anodi ya dayodi, ambao ndio upande unaopokea mkondo, inaelekea kwenye ncha ya kutolea; kathodi, ambao ndio upande unaoutoa, imeshikamana na chanya ya betri, na hasi ya betri imeshikamana na ardhi.

Kosa linalojirudia katika majibu ya wanafunzi ni kudhani kwamba dayodi hupitisha mkondo mara tu volteji ya chanzo inapokuwa chanya. Dayodi haijui lolote kuhusu chanzo. Inachokitambua ni tofauti ya volteji kati ya anodi yake na kathodi yake, na dayodi ya silikoni haianzi kupitisha mkondo wa maana mpaka anodi iizidi kathodi kwa takribani volti 0.7. Kwa hiyo hatua ya kwanza iliyo salama ni kuing'oa dayodi kimawazo, kuacha pengo mahali pake, kisha kutafuta volteji iliyopo kwenye pengo hilo. Pengo likiwapo, hakuna njia ya mkondo, na kwa kuwa hakuna mkondo, kikinzani hakipotezi volteji yoyote. Anodi inabeba volteji nzima ya chanzo, yaani vi, kathodi inabeba volti 3 za betri, na sharti la dayodi kupitisha linakuwa hili:

vi − 3 > 0.7, yaani vi > 3.7

Kutokana na sharti hilo hali mbili hujitokeza. Chanzo kikiwa chini ya volti 3.7, pamoja na nusu nzima ya wimbi iliyo hasi, dayodi imefunga na volteji inayotoka ni sawa na inayoingia. Chanzo kikivuka kiwango hicho, dayodi inafungua na ncha ya kutolea inashikiliwa kwenye jumla ya volti 3 za betri na 0.7 za dayodi, huku ziada yote ikibaki juu ya kikinzani. Chanzo kinapofika kileleni, kikinzani kinabeba volti 6.3, na mkondo unaopita ni miliampea 6.3. Kikinzani kikiondolewa, chanzo na betri vitagongana kupitia dayodi, na inayoungua kwanza ni dayodi.

Kilichobaki ni kujua ukato unaanza na kuisha wapi ndani ya mzunguko. Kwa kuwa 10 sin θ = 3.7, pembe ya kuanzia ni nyuzi 21.7, na kwa ulinganifu wa wimbi la sini pembe ya kumalizia ni 180 − 21.7, yaani nyuzi 158.3. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20, hivyo uso bapa unaanza kwenye milisekunde 1.2 na kuisha kwenye milisekunde 8.8. Mchoro unaopatikana hupanda kama sini ya kawaida hadi volti 3.7, hunyooka hapo kwa milisekunde 7.6, kisha hushuka tena kwa mkunjo wa sini mpaka volti −10. Kwenye bonde hilo la chini dayodi inakingana na volti 13 kinyumenyume, kwa kuwa betri inaongeza volti zake 3 juu ya 10 za chanzo, na dayodi inapaswa kuchaguliwa kwa kuangalia 13 hizo.

Njia hiyohiyo huonyesha thamani yake betri inapogeuzwa, hasi yake ikaelekea kwenye kathodi. Sasa kathodi iko kwenye volti −3, na sharti linakuwa vi > −2.3. Hata chanzo kikiwa sifuri dayodi tayari inapitisha miliampea 2.3, jambo ambalo anayetazama alama ya chanzo peke yake hawezi kulitabiri. Volteji inayotoka haivuki −2.3 wakati wowote, na kinachobaki cha wimbi ni bonde la chini tu.

Mambo hubadilika pia mzigo unapowekwa. Mzigo wa omu 1,000 ukiunganishwa kati ya ncha ya kutolea na ardhi katika saketi ya kwanza, pengo la dayodi halioni tena volteji nzima ya chanzo, bali nusu yake, kwa sababu vikinzani viwili vilivyo sawa vinaigawana. Dayodi inasubiri nusu hiyo ifike volti 3.7, maana yake chanzo kifike 7.4, na ukato unaanza kwenye nyuzi 47.7. Uso bapa unabaki palepale kwenye 3.7, lakini umefupika, na bonde linashuka hadi −5 tu.

Kwenye osiloskopu, chombo kinachochora volteji dhidi ya wakati, matokeo ya saketi ya kwanza yanaweza kuonekana yamekosewa ilhali hayajakosewa. Wimbi lililokatwa upande mmoja lina wastani usio sifuri. Hapa wastani huo ni takribani volti −1.55. Ikiwa swichi ya kuingizia imewekwa kwenye hali inayozuia umeme mnyoofu, chombo huondoa wastani huo na kulisogeza wimbi zima juu, hivyo uso bapa huonekana karibu na 5.25 na bonde karibu na −8.45. Dalili ya hitilafu hii ni kwamba urefu kutoka bonde hadi uso bapa bado ni volti 13.7, na swichi ikirudishwa kwenye umeme mnyoofu, namba hukaa sawa. Pembe za uso bapa nazo huwa zimeviringika kidogo, kwa kuwa dayodi halisi huanza kupitisha mkondo hafifu kabla ya volti 0.7.

Betri yenyewe inastahili kuangaliwa. Katika saketi ya kwanza mkondo unaingia kwenye chanya yake, kwa hiyo betri inachajiwa, na betri kavu za kawaida hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wengine huiweka kando na kupata volti 3 kwa kugawa volti 9 kwa vikinzani vya omu 2,000 na 1,000. Kwa pengo la dayodi kigawanyo hicho ni sawa na betri ya volti 3 iliyofuatana na kikinzani cha omu 667, na mkondo wa dayodi ukipita humo huinua volteji inayotoka: kileleni mkondo ni miliampea 3.8, na juu ya 3.7 huongezeka volti 2.5, hivyo mahali pa uso bapa panakuwa na kuba linalofika 6.2. Vikinzani vya omu 20 na 10 hulishusha kuba hilo hadi volti 0.04 tu, ila kigawanyo chenyewe kinakunywa miliampea 300 muda wote, hata pale ambapo wimbi halijafika mahali pa kukatwa.