Jioni Ndiyo Kipimo cha Betri

Fundi wa sola hujulikana kwa swali lake la kwanza. Anayeanza kwa kuuliza mteja ana shilingi ngapi atauza vifaa, na huenda vikawa vifaa vizuri. Anayeuliza televisheni huwashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi ndiye atakayefunga mfumo unaofika mwisho wa mechi. Hoja yangu ni kwamba ufundi huu, unaodharauliwa kwa kuwa hauna vumbi la seremala wala cheche za mchomeleaji, ni ufundi wa kupima jioni. Tena alama yake iliyo wazi kuliko zote ni kitu ambacho wateja wengi hukiona kama ubahili: inveta ndogo.

Tuchukue nyumba isiyofikiwa na gridi, yenye televisheni ya inchi 32 ambayo kibandiko cha nyuma kinasema inakula wati 50. Mwenye haraka huishia hapo. Lakini tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, nyumba nyingi hazipati picha bila king'amuzi, nacho kinakula wati 12 hivi. Jumla ni wati 62. Familia huwasha saa moja jioni, wakati watoto hawajalala, na kuzima saa sita usiku: saa tano kamili. Zidisha, upate wati-saa 310. Umeme huo hutoka kwenye betri ya volti 12 ukapitia kwenye inveta, na inveta hutoza ushuru wake. Kwa kila 100 zinazoingia, tutegemee 85 zitoke. Kwa hiyo betri italazimika kutoa wati-saa 365, yaani ampea-saa 30 hivi kila usiku.

Hapa ndipo mteja huona kwamba betri ya ampea-saa 40 inatosha na kusalia. Haitoshi. Betri ya risasi, iwe ya maji au iliyofungwa, inayomalizwa kila usiku huzeeka mapema, kwa sababu salfeti inayojijenga kwenye bamba zake huwa ngumu na hairudi tena kuwa chaji. Mafundi makini huitumia nusu tu. Ampea-saa 30 basi zinadai betri ya 60, na hiyo ni kwa nyumba ambayo jua halikosi hata siku moja. Ukiweka akiba ya siku ya mawingu, ambayo nayo huleta chaji kidogo, betri ya 100 ndiyo jibu la busara. Paneli ya wati 150 itairudishia ilichotoa katika siku ya jua la kawaida, hata baada ya kuhesabu joto, vumbi na chaji inayopotea ndani ya betri yenyewe. Betri ya lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya ujazo wake, hivyo ya 50 ingefanya kazi hiyohiyo, lakini wengi huikwepa kwa bei yake ya siku ya kwanza. Betri ya gari nayo ni rahisi kuipata, ila bamba zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuifanyisha zamu ya saa tano kila usiku ni kuinunua mara mbili.

Sasa inveta. Kwa wati 62, ya wati 300 inatosha na ina nafasi ya kupumua. Dukani, hata hivyo, iliyo karibu na mkono mara nyingi ni ya wati 1500, na mteja huipenda kwa uzito wake. Asichoambiwa ni kwamba inveta hula hata kama hakuna kilichochomekwa, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyoelekea kula zaidi. Chukua ya wati 1500 inayojilia wati 15 ikiwa imewashwa tu. Ikisahauliwa usiku na mchana, kwa saa 24 itameza wati-saa 360, karibu sawasawa na jioni nzima ya televisheni. Ni kama mtumishi anayekula chakula cha familia yote. Mfumo wa namna hii ukishindwa, hulaumiwa paneli, kisha betri, na mara nyingi betri mpya hununuliwa kabla mtu hajagusa swichi ya inveta.

Kuna watakaopinga kwamba inveta kubwa ni ya kesho, siku ya kununua pasi au jokofu. Lakini pasi ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 90 kwenye volti 12. Betri yetu ya 100 ingefika nusu kwa muda usiozidi nusu saa, na kwa kweli mapema zaidi, kwa kuwa betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu ya ilichoandikiwa. Kikwazo cha kesho ni betri. Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kwa nini usinunue televisheni ya volti 12 isiyohitaji inveta kabisa? Kwa anayeanza bila kitu, nakubaliana nalo bila ubishi. Ushuru wa inveta unafutika. Ila wengi tayari wana televisheni ya kawaida, na umeme wa volti 12 hauvumilii safari ndefu. Waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa mita tano kutoka betri hadi sebuleni, hupoteza takriban volti 0.7 kwa ampea sita. Betri bado ina chaji, lakini kifaa cha mwisho wa waya kinaiona imechoka. Ndiyo maana inveta hukaa ubavuni mwa betri kwa nyaya fupi na nene, na safari ndefu huachiwa umeme wa volti 230.

Kwa kuwa inveta hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kontrola haiwezi kuikatia umeme kama inavyozikatia taa. Inveta nyingi ndogo hulia volti zikishuka karibu na 10.5, na kwa mzigo mwepesi kama wa televisheni kilio hicho huja betri ikiwa karibu tupu. Mwenye nyumba anayesubiri kelele anaimaliza betri kila usiku bila kujua. Kipimo bora ni mita ya bei ndogo, asubuhi kabla ya jua kugusa paneli, vitu vyote vikiwa vimezimwa: volti 12.2 ni takriban nusu. Ikisoma chini ya 12 asubuhi baada ya asubuhi, ama jioni imerefuka au chaji hairudi yote.

Na jioni hurefuka kweli. Mechi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya inayoanza saa tatu usiku kule huanza saa nne kwetu mwezi Septemba. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu hurudisha saa nyuma, na kuanzia hapo mechi hiyo huanza kwetu saa tano, ikaisha karibu saa saba. Saa moja zaidi ni ampea-saa sita zaidi, na huangukia msimu uleule ambao pwani na kaskazini ziko katika mvua za vuli. Mteja atarudi Novemba akidai ameuziwa betri mbovu. Fundi aliyeuliza swali lake vizuri alikwisha kuihesabu saa hiyo tangu siku ya kufunga.