Mistari Mitatu ya M-Pesa

Taarifa ya fedha ya kampuni kubwa hufika mezani ikiwa na makumi ya kurasa, na mhariri hutaka mistari mitatu. Ninawastahi sana watu wanaoifanya kazi hii vizuri, na ustadi wao huonekana hasa pale ambapo kila tarakimu ni sahihi lakini msomaji bado angeweza kupotoka.

Tuchukue mapato ya M-Pesa ya Safaricom, Kenya, katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2022. Yalifika shilingi bilioni 107.69, kutoka bilioni 82.65 mwaka uliotangulia. Hilo ni ongezeko la asilimia 30.3. Mwandishi mwenye haraka angeishia hapo: "Mapato ya M-Pesa yapaa kwa asilimia 30.3." Hakuna uongo ndani yake, ila msomaji ataondoka akiamini kwamba biashara hiyo inakua kwa karibu theluthi kila mwaka.

Fundi huanza kwa kuitilia shaka namba ya chini, ile ya kulinganishia. Hurudi nyuma mwaka mmoja zaidi na kukuta kwamba katika mwaka uliokwisha Machi 2020 mapato yalikuwa bilioni 84.44. Kumbe mwaka wa katikati yalishuka kwa asilimia 2.1! Biashara iliyozoea kupanda haishuki bila sababu, kwa hiyo huitafuta. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua za dharura, na kutumiana pesa hadi shilingi 1,000 kukawa bila ada. Msamaha huo ulidumu hadi mwisho wa Desemba. Mwaka wa fedha wa Safaricom huanza Aprili, hivyo miezi tisa kati ya kumi na miwili ilipita bila ada hizo. Watu waliendelea kutuma pesa. Kilichokosekana ni tozo.

Sasa asilimia 30.3 inasomeka vingine. Sehemu yake ni ukuaji, na sehemu ni ada zilizorudi. Jedwali halionyeshi mpaka kati ya hizo mbili, na fundi mwaminifu haubuni. Anachofanya ni kuuruka mwaka uliovurugika: kutoka bilioni 84.44 hadi 107.69 kwa miaka miwili ni wastani wa takriban asilimia 13 kwa mwaka. Kisha huupima wastani huo kwa mwaka wa kabla ya msukosuko. Kati ya Machi 2019 na Machi 2020 mapato yalitoka bilioni 74.99 hadi 84.44, yaani asilimia 12.6. Mwendo ni karibu uleule.

Ndipo huandika: "Mapato ya M-Pesa yamefika shilingi bilioni 107.69, ongezeko la asilimia 30.3. Mwaka uliotangulia yalishuka kidogo kwa kuwa miamala midogo haikutozwa ada kwa miezi tisa. Tangu Machi 2020 yamekua kwa wastani wa takriban asilimia 13 kwa mwaka, karibu kasi ileile ya kabla ya korona."

Napenda jinsi mistari hii ilivyopangwa. Namba kubwa haikufichwa, maana ni ya kweli na msomaji ataikuta kwingine. Sababu imewekwa jirani nayo, kabla msomaji hajajenga matumaini. Mstari wa mwisho unampa kipimo cha kubaki nacho. Wala hauahidi kwamba asilimia 13 itaendelea; unasema yaliyopita tu.

Muhtasari wa namna hii hupimwa kwa swali moja: aliyeusoma angekisia nini kuhusu mwaka unaofuata? Aliyepewa asilimia 30.3 peke yake angetarajia takriban bilioni 140. Aliyesoma mistari yote mitatu angetarajia kama bilioni 122. Mwaka uliokwisha Machi 2023 ulileta bilioni 117.19, juu kwa asilimia 8.8. Wa pili naye hakupatia, lakini alikosea kwa bilioni 5 hivi, mwenzake kwa zaidi ya 20.

Na mwaka huo ulikuja na mtego wake. Kutoka 30.3 hadi 8.8 kunamshawishi mwandishi aandike kwamba M-Pesa imeporomoka, ilhali mapato yalipanda na kilichopungua ni kasi. Fundi haishii kwenye kurekebisha kitenzi, kwa sababu kasi ilipungua kweli: asilimia 8.8 iko chini ya ile 13 ya kawaida. Huandika kwamba mapato yameendelea kukua, ila polepole kuliko wastani wa miaka miwili iliyotangulia. Kwa sentensi hiyo moja, mwenye hisa hatishwi na anguko ambalo halikutokea, wala hafichwi kupungua kwa kasi kulikotokea.