Pongezi kwa Vijana wa Steshenari

Pongezi ziwaendee vijana wa steshenari, wa Mwimbi na wa miji mingine midogo, wanaoletewa tangazo asubuhi na kutakiwa walitoe kabla ya basi la mchana kwenda Sumbawanga.

Chukua kipeperushi cha mafuta ya alizeti. Mwenye mali kaandika masahihisho, mkewe kaongeza yake, shemeji naye kataka rangi ibadilishwe. Fundi mzuri hayafuati kuanzia juu kwenda chini. Kwanza anatenga yanayohitaji jibu la mtu mwingine, anapiga simu papo hapo, ili majibu yaje huku yeye akiendelea na kazi. Mfano ni alama ya ubora ya TBS: je, kibali kipo? Kama hakipo, alama inatoka; na maneno “yanatibu presha” yanaondoka hata kama kibali kipo.

Kisha anashika yanayoweza kumtia mteja hasara: bei, ujazo wa dumu, namba ya simu. Namba haisomi tu, anaipiga asikie nani anapokea. Halafu makosa ya tahajia, akianzia kichwa cha habari. Rangi na maneno matamu ya shemeji yanangoja toleo lijalo.

Mwisho anachapa nakala moja na kuisoma yote upya, kwa kuwa sentensi iliyoongezwa huweza kusukuma namba ya simu nje ya ukurasa.

Mteja mwenzangu, ukipeleka kazi ya haraka, teua mtu mmoja tu wa kuidhinisha.